Uvimbe Umepungua, Umetulia au Umekua: Namna ya Kuelewa Majibu ya Picha za Saratani Zinazorudiwa

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

Mgonjwa wa saratani anayetoka Mbulu au Hanang na kutibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kaskazini KCMC mjini Moshi, au katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, hapigwi picha mara moja tu. Hupigwa picha ya CT kabla ya kuanza dawa, kisha huitwa tena baada ya mizunguko kadhaa ya tiba, mara nyingi kila baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Kila mara hurudi nyumbani na karatasi ya majibu, na mara nyingi ndani ya karatasi hiyo huwa kuna neno moja ambalo familia nzima hulisubiri: uvimbe umepungua, umetulia, au umekua.

Neno hilo huleta furaha au simanzi, na wakati mwingine huleta uamuzi usio sahihi. Wapo wanaosoma kwamba ugonjwa umetulia wakadhani dawa haifanyi kazi, wakaacha kurudi kliniki. Wapo pia wanaoambiwa kwamba ugonjwa umeendelea ilhali wanaona kwa macho yao kuwa uvimbe ni mdogo kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza, wakadhani daktari amekosea. Makala haya yanaeleza jinsi maneno hayo yanavyopatikana, ili mgonjwa na ndugu zake wajue karatasi inasema nini na haisemi nini.

Rula moja kwa wote

Madaktari wa saratani duniani hutumia utaratibu wa kupima uitwao RECIST, uliotolewa mwaka 2000 na kuboreshwa mwaka 2009. Uliandaliwa kwanza kwa ajili ya majaribio ya dawa mpya, ili daktari wa Moshi na daktari wa nchi nyingine wakisema uvimbe umepungua wawe wanazungumzia jambo moja. Katika hospitali za kawaida si kila ripoti huufuata neno kwa neno, lakini hesabu zake ndizo zilizo nyuma ya lugha inayotumika.

Kazi huanza na picha ya kwanza, ile inayopigwa kabla ya tiba. Mtaalamu wa radiolojia huchagua vivimbe vichache vinavyoonekana vizuri na vinavyoweza kupimwa tena bila utata. Havizidi vitano kwa mwili mzima, na havizidi viwili katika kiungo kimoja. Kila kimoja hupimwa kipenyo chake kirefu zaidi kwa milimita, na ili kihesabiwe, kipenyo hicho lazima kifike angalau milimita 10. Tezi za limfu, kama zile za kwapani, hupimwa tofauti. Kwa kuwa hata mtu mwenye afya anazo, hupimwa upana wake mfupi, na huingia katika hesabu zikifika milimita 15 au zaidi.

Vipimo vyote vilivyochaguliwa hujumlishwa, ikapatikana namba moja. Namba hiyo ndiyo msingi. Alama nyingine ndogo zinazoonekana kwenye picha hazipimwi, lakini huandikwa ili zifuatiliwe kwa macho.

Mipaka minne

Picha inayofuata ikipigwa, vivimbe vilevile hupimwa tena, vikajumlishwa, na jumla mpya ikalinganishwa na za zamani. Matokeo huingia katika moja ya makundi manne, ambayo kwenye ripoti huandikwa kwa herufi CR, PR, SD na PD.

CR maana yake vivimbe vyote vimetoweka katika picha, na tezi zote zimerudi chini ya milimita 10. PR maana yake jumla imepungua kwa asilimia 30 au zaidi ukilinganisha na picha ya kwanza. PD maana yake ugonjwa umeendelea: jumla imeongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, na ongezeko hilo si chini ya milimita 5, au kumetokea uvimbe mpya ambao haukuwapo, au zile alama zisizopimwa zimekua kwa kiasi kisicho na shaka. SD ni hali ya kati: uvimbe haukupungua vya kutosha kuitwa PR, wala haukuongezeka vya kutosha kuitwa PD. Hiyo ndiyo inayoitwa hali tulivu.

Lakini lipo jambo moja linalowachanganya wengi. Kupungua hulinganishwa na picha ya kwanza, ile ya msingi. Kukua hakulinganishwi na picha ya kwanza. Hulinganishwa na jumla ndogo kuliko zote zilizowahi kupatikana tangu tiba ianze. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ugonjwa unaweza kuitwa umeendelea ilhali bado ni mdogo kuliko ulivyoanza.

Mfano wa mama wa Dongobesh

Tuchukue mfano tulioubuni ili hesabu zionekane. Mama wa miaka 52 kutoka Dongobesh, wilayani Mbulu, ana saratani ya titi iliyosambaa. Picha ya kwanza, mwezi Januari, inaonesha vivimbe viwili kwenye ini, kimoja cha milimita 42 na kingine cha milimita 28. Kimoja kwenye pafu cha milimita 18. Na tezi ya kwapani yenye upana wa milimita 22. Jumla ni milimita 110. Kuna pia vidoa viwili vidogo kwenye pafu ambavyo havipimwi, vinaandikwa tu. Anaanza tibakemia.

Mwezi Aprili anarudi. Vipimo sasa ni 36, 25, 16 na 17. Jumla ni 94. Imepungua kwa milimita 16, sawa na asilimia 14 na nusu hivi. Haijafika 30, kwa hiyo ripoti inaandika SD. Nyumbani ndugu wanasikitika, kwa kuwa walitarajia kusikia kwamba uvimbe umepungua. Lakini kila kipimo kimeshuka, hakuna uvimbe mpya, na maumivu ya mama yamepoa. Kwa ugonjwa ambao kwa kawaida ungekua katika miezi mitatu bila tiba, kutulia ni kazi ya dawa. Daktari anaendelea na dawa ileile.

Mwezi Julai vipimo ni 27, 18, 11 na 10. Jumla ni 66. Kutoka 110 imepungua kwa milimita 44, yaani asilimia 40 kamili. Sasa ripoti inaandika PR. Namba hii 66 tuiweke akilini, kwa sababu ndiyo ndogo kuliko zote.

Mwezi Oktoba vipimo ni 29, 20, 12 na 11. Jumla ni 72. Imepanda kwa milimita 6 kutoka 66, yaani asilimia 9. Je, ugonjwa umerudi? Hapana, hesabu haisemi hivyo. Milimita moja au mbili kwa kila uvimbe ni tofauti inayoweza kutokea hata picha ileile ikipimwa na wataalamu wawili. Jumla bado iko chini ya msingi kwa zaidi ya asilimia 34, kwa hiyo inabaki PR. Daktari anaandika kwamba afuatiliwe kwa karibu.

Mwezi Januari wa mwaka unaofuata vipimo ni 34, 22, 13 na 11. Jumla ni 80. Hapa ndipo pa kusimama. Ukilinganisha na picha ya kwanza, 80 ni ndogo kuliko 110 kwa asilimia 27. Ukilinganisha na picha ya mwisho ya Oktoba, imepanda kwa asilimia 11 tu. Kwa njia hizo mbili mama yuko salama. Lakini ukilinganisha na 66, jumla ndogo kuliko zote, imeongezeka kwa milimita 14, sawa na asilimia 21. Mpaka wa 20 umevukwa, na ongezeko limezidi milimita 5. Ripoti inaandika PD.

Si kosa la hesabu. Maana yake ni kwamba chembe za saratani zilizobaki Julai ni zile zilizoweza kuistahimili dawa, na sasa zinaongezeka. Daktari akisubiri mpaka jumla irudi 110, mama atakuwa ametumia miezi mingine akipokea dawa iliyokwisha nguvu, akibeba madhara yake na gharama za safari bila faida. PD katika hatua hii ni ishara ya kubadili tiba mapema, na katika saratani ya titi mara nyingi huwa bado kuna tiba nyingine ya kujaribu.

Kwa nini asilimia 30 na 20

Wengine huuliza kwa nini upungufu wa asilimia 14 usiitwe kupungua. Jibu lina historia. Mwaka 1976 nchini Marekani, madaktari Charles Moertel na James Hanley waliwapa madaktari 16 wenye uzoefu matufe 12 yaliyofunikwa kwa sponji, wakawaomba wayapime kwa mkono kama wanavyopima uvimbe chini ya ngozi. Matufe hayakukua wala kupungua, lakini vipimo vilitofautiana kiasi kwamba baadhi yangeweza kuhesabiwa kuwa yamepungua. Somo lilikuwa kwamba mpaka ukiwekwa karibu mno, makosa ya kupima yatahesabiwa kuwa ni kupona.

Picha za CT zimepunguza makosa hayo, ila hazijayaondoa. Isitoshe, kipenyo huficha ukubwa halisi. Boga lenye kipenyo kilichopungua kwa asilimia 30 halijapungua kwa theluthi moja. Limepoteza takribani theluthi mbili ya ujazo wake. Na boga ambalo kipenyo chake kimeongezeka kwa asilimia 20 limeongezeka ujazo kwa zaidi ya asilimia 70. Mipaka hiyo inaonekana midogo kwenye karatasi, lakini ndani ya mwili ni mabadiliko makubwa.

Picha moja ikipotea

Turudi kwa mama wa Dongobesh. Tuseme picha ya Julai ilipigwa katika kituo kingine alipokuwa kwa ndugu zake, na diski ya CD ikabaki kwenye kabati huko. Januari anafika kliniki akiwa na picha ya kwanza na ya Oktoba tu. Mtaalamu wa radiolojia hawezi kulinganisha na kile asichokiona. Jumla ndogo anayoijua ni 72, na 80 ni ongezeko la asilimia 11. Ataandika kwamba hakuna maendeleo ya ugonjwa. Dawa itaendelea. Ripoti haina kosa kwa picha zilizoletwa, ila ugonjwa umekwisha kuvuka mpaka.

Kwa hiyo karatasi ya majibu peke yake haitoshi. Karatasi husema kuna uvimbe kwenye ini, lakini si kila ripoti hueleza ni upi uliopimwa na ulipimwa katika kipande gani cha picha. Mtaalamu anahitaji picha zenyewe, kwenye CD au filamu, ili auone uvimbe uleule na kuupima pale pale. Mgonjwa anayehama kutoka hospitali moja kwenda nyingine, kwa mfano kutoka Haydom kwenda Moshi au kutoka Katesh kwenda Dar es Salaam, aombe nakala ya picha zote kabla ya kuondoka, na aandike tarehe juu ya kila diski. Filamu zisikunjwe wala zisiwekwe juani.

Mambo mengine yanayopotosha vipimo

Namna picha ilivyopigwa ni muhimu sawa na uvimbe wenyewe. CT huukata mwili kwa vipande vyembamba kama mkate. Vipande vikiwa na unene wa milimita 5 au pungufu, uvimbe mdogo huonekana. Vikiwa vinene zaidi, unaweza kukosekana au kupimwa vibaya. Vivimbe vya ini huonekana vizuri baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa. Picha ya kwanza ikipigwa kwa dawa hiyo na ya pili bila dawa, vivimbe vinaweza kuonekana kama vimepungua kumbe vimefichika. Mgonjwa mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kupata vipele au kubanwa na pumzi baada ya dawa hiyo, anapaswa kusema kabla ya kupigwa picha, na sababu ya kuiacha iandikwe kwenye ripoti.

Uvimbe mpya nao unahitaji uangalifu. Kwa kanuni, kitu kipya ambacho bila shaka ni saratani hutosha kuitwa PD hata kama jumla imepungua. Lakini katika nchi ambayo kifua kikuu bado kipo, kidoa kipya kwenye pafu si lazima kiwe saratani. Kinaweza kuwa kifua kikuu au homa ya mapafu, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na tibakemia. Daktari anaweza kuagiza makohozi yapimwe, kuchukua kinyama, au kurudia picha baada ya wiki chache kabla ya kubadili tiba. Kungoja huko si uzembe.

Zipo pia saratani ambazo rula hii haizifai vizuri. Saratani ya koo la chakula, inayoonekana sana katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, hukua kwenye ukuta wa bomba laini linalotanuka na kusinyaa, kwa hiyo kipenyo chake hakitegemewi. Huko daktari hutegemea zaidi kipimo cha kamera ya kumezwa, uzito, na kama mgonjwa anameza uji tu au ameanza tena kumeza ugali. Maji yanayojaa tumboni au kifuani na sehemu kubwa ya saratani ya mifupa pia havipimwi kwa milimita. Mgonjwa wa aina hiyo asishangae kuona ripoti isiyo na asilimia.

Maswali ya kuuliza kliniki

Ripoti ya radiolojia ni sehemu moja ya uamuzi. Daktari bingwa wa saratani huichanganya na hali ya mgonjwa, vipimo vya damu, madhara ya dawa na tiba zilizobaki. Mgonjwa anayepata nafuu huku picha ikiwa SD, na mgonjwa anayedhoofika huku picha ikiwa SD, hawana jibu moja.

Hata hivyo, mgonjwa au ndugu anayemsindikiza anaweza kuuliza mambo matatu na kuyaandika kwenye daftari la kliniki. Kwanza, jumla ya vipimo leo ni milimita ngapi? Pili, picha ya kwanza ilikuwa ngapi? Tatu, jumla ndogo kuliko zote tangu tiba ianze ilikuwa ngapi, na picha yake iko wapi? Pale ambapo ripoti haina namba, mgonjwa anaweza kumwomba daktari amweleze imelinganishwa na picha ya tarehe gani.

Mama wa mfano wetu akiwa na namba hizo tatu, yaani 80, 110 na 66, ataelewa kwa nini daktari anabadili dawa ingawa uvimbe wake ni mdogo kuliko siku ya kwanza. Na akiambiwa safari nyingine kwamba ugonjwa umetulia kwa dawa mpya, atajua kwamba hajaambiwa kuwa tiba imeshindwa, na atarudi kliniki tarehe aliyopangiwa akiwa na diski zake zote mkobani.